Nafasi 14, Watu 11, Siku 30

Haya ni maneno niliyowaambia wafanyakazi wote wa kiwanda chetu cha uchapaji asubuhi ya leo. Nayaweka yote kama nilivyoyasema, kwa ajili ya walio likizo, walio wagonjwa, na wale wa zamu ya usiku waliokuwa wamekwenda kulala.

Ndugu zangu, wafanyakazi wenzangu, habari za asubuhi.

Asanteni kwa kuzima mashine. Najua mashine zote zikinyamaza kwa wakati mmoja hapa ndani, hakuna asiyejua kwamba kuna jambo. Kwa hiyo sitazunguka. Nitasema jambo lenyewe kwanza, kisha sababu, kisha namna litakavyofanyika.

Uongozi unapendekeza kupunguza nafasi 14 za kazi. Leo tuna nafasi 62. Tukimaliza, zitabaki 48 kati ya hizi tulizo nazo, na zitaongezwa 4 mpya upande wa lebo. Jumla 52.

Najua mmeanza kupiga hesabu, basi tuipige pamoja. Kati ya nafasi 14 zinazoondoka, 3 hazina mtu. Wenyewe waliacha kazi kwa nyakati mbalimbali na hatukuajiri wengine. Zinabaki 11 zenye watu. Ikiwa nafasi 4 mpya zitachukuliwa na watu wa humu humu, watakaotoka kabisa ni 7. Ikiwa hazitachukuliwa na watu wa humu, watakaotoka ni 11. Ningeweza kusimama hapa nikawaambia "ni watu saba tu," ikasikika vizuri. Lakini saba ni hesabu ya mambo yakienda sawa. Pangeni maisha yenu kwa hesabu ya 11.

Sasa sikilizeni hili, maana najua kuna mtu hapa hasikii lolote mpaka ajue kama yeye yumo. Asubuhi hii, kabla ya mkutano huu, watu 18 waliitwa mmoja mmoja. Ni watu 5 wa kitengo cha fomu, waendesha mashine 10 wa ofseti, na watu 3 wa ofisini. Hao 18 ndio wanaoguswa na pendekezo hili. Kama hukuitwa asubuhi, nafasi yako haimo katika awamu hii. Narudia: kama hukuitwa, humo. Na mlioitwa, si wote mtakaotoka. Nitaeleza.

Kwa nini niliwaita kwanza? Acheni niwasimulie kidogo.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa karani wa stoo katika kampuni nyingine, si hii. Siku moja nilifika getini, mlinzi akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akaniambia, "Mdogo wangu, leo wewe huingii." Nilidhani anatania. Nikamwambia mwavuli wangu na chombo changu cha chakula viko ndani. Akaenda kuniletea yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akanikabidhi pale nje. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuachishwa kazi: mwavuli na bakuli. Ya maandishi ilikuja baada ya wiki tatu. Kilichoniuma si kazi peke yake, maana kazi niliipata nyingine. Kilichoniuma ni kwamba mlinzi alijua kabla yangu.

Hapa mlinzi hatajua kabla yenu. Lakini lazima nikiri: wiki tatu zilizopita tulikaribia kufanya jambo la aina ile ile. Mtu mmoja wa ofisini kwangu aliacha karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Ilikuwa na mchoro wa muundo mpya, visanduku vimefutwa kwa kalamu nyekundu. Kufika saa sita mchana picha ya karatasi ile ilikuwa kwenye simu za nusu ya kiwanda. Nami nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba tusiseme kitu mpaka tuwe na uhakika. Kwa wiki tatu mmefanya kazi huku mkihesabu visanduku vyekundu, na vilikuwa 19, si 14. Kunyamaza kule lilikuwa kosa langu, na nawaomba radhi. Ningeweza kuja siku ile ile nikasema, "Ndiyo, karatasi ni yetu, ni rasimu, tarehe fulani nitawaambia kamili." Isingehitaji uhakika wowote zaidi ya tarehe.

Kwa nini imetoka 19 hadi 14? Rasimu ile iliandikwa kabla ya kazi ya lebo kukua. Nafasi 5 zilizokuwa zimefutwa kwenye kukata na kujalidi zimebaki, kwa sababu lebo nazo zinakatwa.

Sasa sababu. Mnazijua nusu, maana ndizo mnazozibeba kwa mikono. Miaka 4 iliyopita, katika kila 100 tuliyouza, 60 ilikuwa fomu: vitabu vya risiti, ankara zenye nakala tatu, hati za kupokelea mizigo, zote zenye namba za mfululizo. Mwaka jana ilikuwa 22. Wateja wetu wakubwa watatu wa fomu hawakwenda kwa mchapaji mwingine. Wangekwenda kwa mwingine, tungewafuata, tungepunguza bei, tungebembeleza. Wao wameacha karatasi. Risiti inatoka kwenye simu, hati ya mzigo inasainiwa kwenye kioo.

Mteja wa kwanza alituambia mapema. Alituandikia barua kwamba baada ya miezi 18 hataagiza tena vitabu vya risiti. Na miezi miwili baada ya barua ile, kampuni hii ilinunua mashine ya pili ya kupiga namba na kukusanya nakala. Kwa mkopo. Iko pale nyuma yenu, ile iliyofunikwa turubai. Mwezi huu imefanya kazi siku 4.

Nani alisaini ununuzi ule? Nilisaini mimi. Tulijiambia kwamba mteja mmoja akiondoka wawili watabaki. Barua ilikuwa mezani kwangu, nikaisoma kama habari ya mtu mmoja wakati ilikuwa habari ya kazi nzima. Sisemi hivi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu mtu wa kitengo cha fomu akirudi nyumbani leo, asije akafikiri kwamba alifanya kazi vibaya. Kitengo kile hakijarudishiwa kazi hata moja kwa kosa la namba kwa mwaka mzima. Kazi ilifanyika vizuri, ila kazi yenyewe ndiyo inayokwisha.

Mtaniuliza, na mna haki ya kuniuliza: je, hakuna njia nyingine?

Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, Namba 158 wa mwaka 1982, unaohusu kuachishwa kazi, na pamoja nao lilitoka pendekezo Namba 166. Si kila nchi imeuridhia mkataba ule, na mimi si mwanasheria. Lakini pendekezo lile linataja mambo ya kujaribu kabla ya kumgusa mtu: kuzuia ajira mpya, kueneza punguzo kwa muda ili wanaoondoka wenyewe wasizibwe nafasi, kuhamisha watu ndani, kuwafundisha kazi nyingine, kustaafu mapema kwa hiari, kupunguza ovataimu na saa za kazi. Tulilichukua tukalifanya orodha yetu. Ajira tulizizuia miezi 8 iliyopita, ndiyo maana nafasi 3 ziko tupu. Ovataimu tuliisimamisha, na najua iliwauma, wengine ndiyo iliyokuwa ikilipa ada ya shule. Mishahara ya uongozi, wangu ukiwemo, ilipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi, na itabaki hivyo. Tukapima: katika kila 100 tuliyokuwa tunapoteza, hatua hizi zilirudisha kama 35. Nyingine 65 bado zinavuja.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliniuliza swali zuri sana. Alisema, kwa nini tusifanye kazi siku nne kwa wiki wote, tukagawana maumivu? Tulikaa nalo siku mbili swali lile. Jibu langu ni hili: kupunguza siku kwa wote ni dawa ya ukame, mnavumilia mpaka mvua irudi. Sisi mto umehama njia. Fomu hazirudi. Tukipunguza siku, baada ya miezi 6 tutakuwa tumepunguza mishahara ya watu 59, akiba zenu zimeisha, na bado tutakaa hapa kusema haya haya. Kama kuna anayeona hesabu yangu ina kasoro, siku 30 za mashauriano ni kwa ajili hiyo, na nitakuja kwenye siku 30 hizo.

Sasa tuingie kwenye namna ya kuchagua, maana hapo ndipo palipo na hofu, na ndipo panapofanyika dhuluma mtu asipokuwa macho.

Makundi ni matatu, na hayachaguliwi kwa njia moja. Kitengo cha fomu kinafungwa chote, nafasi 6, moja ikiwa tupu. Pale hakuna kuchagua. Hakuna aliyepimwa akaonekana hafai. Kazi ndogo ya fomu inayobaki itafanywa kwenye mashine za kawaida. Ofisini zinaondoka nafasi 3, mojawapo ni ya msaidizi wangu. Hizo nazo ni nafasi za mtu mmoja mmoja, kila moja na kazi yake, hivyo hakuna kumshindanisha mtu na mwenzake.

Kuchagua kuko kwenye ofseti peke yake. Zamu ya usiku inakwisha. Kuna nafasi 12, watu 10, na zinahitajika 7. Kwa hiyo katika watu 10, watatu hawatakuwa na nafasi. Ni akina nani? Sijui. Narudia, sijui. Hakuna orodha. Akikuambia mtu ameiona orodha, mwambie akuoneshe. Alama bado hazijatolewa, kwa sababu vigezo vyenyewe bado ni pendekezo, na huwezi kumpa mtu alama kwa kipimo ambacho hamjakubaliana. Ukimpima kwanza kisha ukatafuta kipimo, hapo umeshachagua kwa moyo wako na unatafuta karatasi ya kujifichia.

Vigezo tunavyopendekeza ni vinne. Cha kwanza na kizito kuliko vyote: ni mashine ngapi unaweza kuziendesha peke yako, kuanzia kufunga bamba, kulinganisha rangi, mpaka kusafisha. Cha pili ni karatasi inayoharibika kabla kazi haijakaa sawa, kwa kumbukumbu za miezi 12 zilizomo kwenye kadi za kazi. Cha tatu ni maonyo ya maandishi yaliyo hai. Cha nne ni miaka ya utumishi, na hiki kitatumika pale watu wawili wanapolingana.

Mbona hakuna mahudhurio? Kwenye rasimu ya kwanza yalikuwemo. Tulijaribu kipimo kile kwa kadi zisizo na majina, kuona kinafanyaje kazi. Kadi moja ikaanguka chini kabisa, siku nyingi sana za kutokuwepo. Mwakilishi wenu akaitazama, akasema, "Hizi siku zimefuatana zote. Huyu alikuwa likizo ya uzazi." Chumba kizima kikanyamaza. Tulikuwa tunakaribia kumwondoa mama kazini kwa sababu alijifungua, na tungefanya hivyo kwa hesabu safi kabisa, bila mtu yeyote kukusudia. Kadi ya pili kutoka chini ilikuwa ya mtu aliyelazwa hospitali. Tukakitoa kigezo chote. Mtu angeweza kusema tuondoe tu siku za likizo na ugonjwa, tubakize nyingine. Tulipofanya hivyo tukakuta tofauti kati ya watu ni siku mbili, tatu. Kigezo kisichotofautisha watu hakina kazi mezani.

Hata hicho cha karatasi kuharibika nina wasiwasi nacho, niwaambie ukweli. Mashine ya zamani, ile ya pembeni, hula karatasi zaidi kabla haijatulia, awe nani anaiendesha. Aliyepangiwa mashine ile mwaka mzima ataonekana mharibifu. Kwa hiyo tunapendekeza kila mtu alinganishwe na wastani wa mashine aliyokuwa nayo, si wastani wa kiwanda. Waendesha mashine mnajua mambo haya kuliko mimi. Kama kuna kingine cha namna hiyo, kuna aina ya karatasi au wino unaopotosha kadi, kisemeni kabla alama hazijaandikwa, si baadaye.

Alama zitatolewa na watu wawili, kila mmoja peke yake: msimamizi wa zamu na mkuu wa ubora. Wakitofautiana sana juu ya mtu mmoja, watakaa waeleze kwa nini, na maelezo yataandikwa. Mwakilishi wa wafanyakazi atazisoma karatasi zote. Kila mtu ataona alama zake mwenyewe, hataona za mwenzake. Asiyeridhika ana siku 7 za kukata rufaa, na rufaa haitasikilizwa na yeyote kati ya wale wawili. Itasikilizwa na mjumbe wa bodi.

Hapo mtu mmoja aliinua mkono kutoka upande wa kujalidi, akauliza, "Na wale watatu wa ofseti wakishajulikana, ndiyo basi?" Nikamjibu papo hapo, na jibu naliweka hapa.

Hapana, si basi. Zipo nafasi 4 za lebo, na watu wote 11 wana haki ya kwanza juu yake kabla tangazo halijatoka nje. Mafunzo ni wiki 6, kwa mshahara ule ule. Baada ya mafunzo kuna majaribio ya wiki 8. Na hili nataka lisikike: mtu akijaribu lebo, ikashindikana katika wiki zile, hajapoteza chochote. Atalipwa stahili zake zote za kupunguzwa kama ambaye angetoka mwanzoni. Nimeona mahali pengine majaribio yakitumika kama mtego. Mtu anakubali kazi mpya, anashindwa, halafu anaambiwa ameacha mwenyewe. Hapa itaandikwa kwenye barua yako kabla hujagusa mashine. Usianze kama haijaandikwa.

Lakini lebo haimfai kila mtu. Kazi yake ni rangi kutwa nzima, kulinganisha nyekundu ya leo na nyekundu ya mwezi uliopita chini ya taa. Kuna watu macho yao yanachanganya nyekundu na kijani, na wengine hawajui mpaka wapimwe. Tutawapima wote watakaoomba, mapema, ili mtu asiache mlango mwingine akisubiri huu.

Kuna na mlango wa hiari. Mtu yeyote kati ya 59, aliyeitwa au asiyeitwa, anaweza kuomba kuondoka mwenyewe ndani ya siku 10. Stahili ni zile zile, na juu yake mshahara wa miezi miwili. Akikubaliwa mtu mmoja ambaye nafasi yake mwingine anaweza kuishika, mtu mmoja mwingine anapona. Ila uongozi unaweza kukataa ombi, na tutakataa pale ambapo mtu ni peke yake anayejua kazi fulani. Fundi wetu wa mashine ya kukata, mzee wangu pale, nakuona unatabasamu. Wewe nitakukatalia.

Malipo. Kila atakayetoka atapata mshahara wa kipindi cha notisi, siku za likizo ambazo hakuzitumia, na kiinua mgongo kwa mujibu wa mkataba wake. Yatalipwa siku ya mwisho ya kazi, si baada ya mwezi, si "hesabu ikikamilika." Fedha hizo tayari zimetengwa kwenye akaunti ya peke yake, na mwakilishi wenu ameoneshwa taarifa ya benki. Karatasi ya hesabu mtapewa kabla, mstari kwa mstari. Msiisaini siku mtakayopewa. Nendeni nayo nyumbani, mkae nayo, mtafute mtu anayejua hesabu aipitie. Wenye mikopo inayokatwa kwenye mshahara, zungumzeni na mkopeshaji sasa hivi, wakati bado mna hati ya mshahara mkononi. Akisikia baada ya mshahara kukoma, mazungumzo huwa magumu zaidi. Mhasibu atawaandikia barua mnaoihitaji.

Ratiba ni fupi. Leo ni siku ya kwanza. Siku ya 10 unafungwa mlango wa hiari. Mpaka siku ya 30 tunashauriana, na kila Jumatatu nitaandika ukutani, pale penye ratiba ya zamu, ni hoja gani zimeletwa na tumezijibu vipi, hata wiki ambayo hakuna jipya. Siku ya 31 vigezo vinakuwa vya mwisho na alama zinatolewa. Siku ya 35 kila mtu anajua. Siku 7 za rufaa. Notisi inaanza baada ya hapo, si leo. Hakuna mshahara wa yeyote unaobadilika mwezi huu.

Nigeukie sasa mtakaobaki. Baada ya kile kisa changu cha getini, nilikutana na wenzangu wa stoo wiki mbili baadaye kituo cha basi. Wawili walijifanya hawakuniona. Niliwachukia sana wakati ule. Miaka mingi baadaye mmoja aliniambia, "Sikukuchukia. Niliona aibu. Nilikuwa nimepewa meza yako." Naye alikuwa amepewa meza yangu na kazi yangu yote, juu ya kazi yake. Alidumu miezi mitano.

Kwa hiyo niliwaagiza wasimamizi wafanye zoezi moja. Kila nafasi inayoondoka, waandike kazi zake zote, moja moja, kisha mbele ya kila kazi waandike neno moja kati ya mawili: "inakoma," au jina la nafasi itakayoichukua, pamoja na saa ngapi kwa wiki. Haikuruhusiwa kuandika "tutagawana." Msaidizi wangu ana kazi 23 kwenye orodha yake. 11 zinakoma, na kusema kweli 4 kati ya hizo hakuna aliyekuwa akizisoma. Ripoti ya kila siku ya zamu inakoma, itabaki ya wiki. 8 nazichukua mimi. 4 zinakwenda kwa mhasibu, na mhasibu ameondolewa kazi nyingine ya saa sita ili azipokee. Orodha za vitengo vyote zitabandikwa. Ukiona kazi imekuangukia na haikuandikwa, njoo na orodha mkononi.

Na wale 18, msiwapishe njia kama wagonjwa. Wasalimieni, kuleni nao. Wanabaki na funguo zao, na makabati yao hayafunguliwi na mtu. Anayehitaji muda wa kwenda kufanyiwa usaili mahali pengine atapewa, kwa malipo.

Kuna jambo mtataka niliahidi, na siliahidi. Mtataka niseme hili ndilo punguzo la mwisho. Siwezi. Nitawaambia cha kutazama badala yake. Lebo leo ni 25 katika kila 100 tunayouza. Muundo huu mpya unasimama ikiwa itafika 35 ndani ya miezi 9. Wateja wawili wa lebo wako kwenye majaribio, na mikataba yao itajulikana kabla ya hapo. Wakisaini wote wawili, tunafika. Akisaini mmoja, tunafika kwa shida. Asiposaini hata mmoja, nitarudi kusimama hapa, na sitasubiri karatasi ipotee kwenye fotokopi. Idadi hiyo nayo itakuwa ukutani kila mwezi.

Jambo jingine, dogo. Kwenye sherehe zetu nimezoea kusema kwamba sisi hapa ni familia. Sitalisema tena. Familia haimpunguzi mtoto kwa sababu fomu hazinunuliwi. Sisi ni watu tuliokubaliana kufanya kazi pamoja kwa mkataba, na heshima ninayoweza kuwapa leo ni kuufuata mkataba ule mpaka nukta ya mwisho.

Mashine hazitawashwa mpaka saa nane. Atakayetaka kwenda nyumbani leo aende, siku yake inahesabiwa. Mimi nitakaa pale kwenye meza ya kukusanyia, si ofisini, leo mpaka jioni na kesho kutwa nzima. Mwakilishi wa chama atakaa upande wa pili, kwa wanaotaka kusema naye bila mimi kusikia.

Kipaza sauti kiko huku mbele. Wale wa ofseti kwanza, tafadhali.